Habari Mbaya Isizikwe Mwishoni

Ng'ambo ya Nchelenge, katika mji wa Kilwa nchini Kongo, Kiswahili ni lugha ya soko na Kifaransa ni lugha ya barua za ofisi. Napinga barua inayoanza kwa heshima ndefu na kuizika habari mbaya mwishoni.

Mashua ikiahirishwa, anza na uamuzi: «Le bateau ne partira pas demain», yaani haitaondoka kesho. Fuatisha sababu: «en raison du vent», kwa ajili ya upepo. Malizia na hatua: «départ jeudi à 6 heures», Alhamisi saa 12 asubuhi.

Utasema huo ni ukavu. Je, kumwacha msafiri abebe mizigo bure hadi ufukweni ndiyo adabu?