Usaili ulioahirishwa vizuri haujapotea

Mfanyabiashara wa jumla anajua tofauti ya msambazaji anayetoa taarifa kabla ya mzigo kuchelewa na yule anayeomba radhi baada ya wateja kuondoka. Katika soko la ajira, mwombaji anayeshindwa kufika kwenye usaili hupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Chukua mfano wa mwombaji wa ukarani wa hesabu, mkazi wa Kimara, anayetakiwa Kariakoo saa 4 asubuhi. Saa 2 na nusu anasikia kuwa Mto Msimbazi umefurika na barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Akingoja hadi saa 4 na robo ndipo aandike "samahani, foleni", wasaili wamekwisha kukaa bure. Akiandika saa hiyo hiyo ya 2 na nusu, bado wanaweza kumwingiza mwingine katika nafasi yake.

Ujumbe wenyewe hauhitaji maneno mengi: "Habari za asubuhi. Mimi ni Asha, mwombaji wa ukarani wa hesabu, usaili wa leo saa 4. Barabara imefungwa Jangwani, nazungukia Buguruni na sitawahi. Naomba nije leo saa 7, au kesho saa 3. Samahani kwa usumbufu, naomba unijulishe." Jina, nafasi na saa vinamwokoa msomaji kutafuta ni nani huyu. Nyakati mbili zinampa la kuchagua, badala ya kumwachia kazi ya kupanga upya.

Kwa ugonjwa, kosa kubwa ni kuahidi siku ya karibu mno. Mgonjwa wa malaria anayeanza dawa mseto Jumanne asubuhi humaliza dozi Alhamisi jioni, kwani dozi ni ya siku 3. Akiomba Jumatano kwa kuogopa kupoteza nafasi, huenda akalazimika kuahirisha tena, na ombi la pili ndilo linaloharibu jina. Aombe Ijumaa. Maelezo ya homa na kutapika hayana kazi. Inatosha kusema anaumwa na yuko kwenye matibabu. Cheti cha daktari akiweke, akitoe akiulizwa.

Hata hivyo, ujumbe uliotumwa si ujumbe uliosomwa. Nusu saa ikipita bila jibu, apige simu, maana asiyejibiwa bado anahesabiwa kuwa hakufika. Aidha, pale ambapo waombaji wengi hufanya mtihani wa pamoja siku moja, huenda nafasi nyingine isipatikane kabisa, na mwenye tatizo la usafiri ni afadhali aulize kama atapokewa akichelewa.

Kwa upande wa mwenye duka, ujumbe huo ni sampuli ya bure. Karani huyo ndiye atakayewaandikia wateja siku kontena litakapokwama bandarini.