Feki anaiga kila kitu, kasoro jina la kwenye muamala (Sehemu ya 3)

 

Tulipoishia tulikuwa tunaongelea biashara ndogo za kufanyia nyumbani ukiwa na mtoto mchanga. Baada ya hapo inboksi yangu ilijaa swali moja: "Nesi, kuna mtu kafungua akaunti kama yangu, anapokea hela za wateja wangu. Nifanyeje?" Leo nalijibu. Nitasema na maoni yangu, hata kama wengine mtaninunia.

Maoni yangu ni haya: tunapigania picha, na picha hazilindiki. Mtu akitaka, ndani ya nusu saa kashachukua picha zako zote, maelezo yako, hata video ya mwanao anakula uji. Ukiandika jina la biashara juu ya picha, yeye anaipakia hivyo hivyo na jina lako, tena unakuwa umemsaidia aaminike. Kitu kimoja tu kinamsumbua kukiiga: jina linalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri. Na hilo jina ndilo wengi wetu hatuwaambii wateja.

Nichukue kisa cha dada mmoja wa Iringa, maeneo ya Kihesa. Anasaga unga wa lishe na anauza Instagram. Wateja wake wengi wako Mbeya, anawatumia mzigo kwa basi. Mama mmoja wa Uyole, mwenye mtoto wa miezi minane, alitafuta ukurasa wake akakuta mbili zinafanana. Akaingia ile iliyomjibu haraka. Kilo tano, elfu thelathini, na nauli ya mzigo elfu tano. Akatuma elfu thelathini na tano. Jioni akatumiwa picha ya risiti ya basi. Kesho yake akaambiwa mzigo umekwama Makambako, aongeze elfu ishirini ili uachiwe. Akaongeza. Baada ya hapo akablokiwa.

Elfu hamsini na tano. Kwa mama wa kawaida hiyo ni chakula cha mtoto cha wiki nyingi. Na unajua alimlaumu nani? Yule dada wa Kihesa, ambaye hakuwa na habari yoyote. Alimpigia akamtukana, akaandika kwenye magrupu ya mama kwamba yule ni tapeli. Mmoja kapoteza hela, mwingine kapoteza jina, mwizi katulia zake.

Sasa tukitazame hicho kisa vizuri.

La kwanza: kwa nini mwenye biashara hakuiona akaunti feki? Kwa sababu ilikuwa imemblokia. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalofanya. Ukitafuta jina lako kwa akaunti yako mwenyewe hutaona kitu, utadhani mambo shwari. Kwa hiyo usijitafute kwa simu yako. Mara moja kwa wiki chukua simu ya mumeo, au ya mdogo wako, andika jina la biashara yako, halafu andika na makosa yake: herufi moja imeongezwa mwishoni, nukta imewekwa katikati, sifuri mahali pa herufi o.

Ukikuta inayofanana, bonyeza vidoti vitatu juu, kisha "About this account". Hapo Instagram inaonyesha akaunti ilifunguliwa mwezi gani na mwaka gani, na mara nyingi inaonyesha pia kama imewahi kubadili jina. Yule dada anauza tangu 2021. Ile feki ilikuwa na miezi miwili. Kwa upande wa Facebook, ingia sehemu iitwayo "Page transparency", utaona tarehe ya kufunguliwa na majina ya zamani. Ukurasa unaouza unga leo, mwaka jana ulikuwa wa kubeti. Usihesabu folowazi, maana hao wananunuliwa.

La pili: kwa nini mteja hakustuka? Simu ilimwonyesha jina. Unapotuma hela, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au Halopesa, kabla ya namba ya siri unaonyeshwa jina la unayemtumia. Yeye aliona jina la mwanaume asiyemjua. Alipouliza akajibiwa, "Hiyo ni namba ya kaka yangu, yangu imejaa." Akakubali.

Kwa nini alikubali? Hapa ndipo mtaninunia. Alikubali kwa sababu sisi wauzaji tumemzoesha. Leo tuma kwa namba yangu, kesho tuma kwa ya mdogo wangu, keshokutwa tuma kwa ya wakala hapa jirani. Bei hatuandiki, tunasema "njoo DM". Mteja kashazoea kwamba biashara halali ndivyo ilivyo: bei ya siri, namba inabadilika, jina geni. Tapeli akija na mtindo huo huo, atamtofautisha vipi? Mimi simlaumu yule mama. Tabia zetu ndizo zilizomfungulia mwizi mlango.

Kwa hiyo dawa yake ianze kabla ya ugonjwa. Chukua lipa namba yenye jina la biashara yako, au tumia laini moja tu iliyosajiliwa kwa jina lako. Andika kwenye maelezo ya juu ya akaunti yako: "Malipo ni kwa jina hili tu. Likitokea jingine, usiweke namba ya siri." Liandike jina lilivyo kwenye muamala, herufi kwa herufi. Kama laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la mama mkwe, hamisha malipo, usiwaeleze wateja ukoo wenu. Andika na bei. Na mteja wa zamani mkumbushe kila anapoagiza, kwa sababu anayetafutwa zaidi na feki ni yule anayekuamini tayari.

Jina lina mipaka yake lakini. Tapeli anaweza kutumia laini ya mwanamke, ukaona jina la kike ukatulia. Anaweza hata kupata lipa namba yenye jina linalokaribiana na lako. Ndiyo maana nasema jina lifanane kabisa na namba pia iwe ile ile. "Linafanana fanana" hiyo tayari ni hapana.

La tatu: feki akishagundulika, uanze na nini? Wengi tunaanza na bango jekundu la "TAPELI" na kuwaomba watu wote waripoti. Bango weka, lakini lisiwe la kwanza. Hela ndiyo inayokimbia, kwa hiyo ianze hela.

Mteja aliyetuma apige namba 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, dakika hiyo hiyo, akiwa na meseji ya muamala mkononi. Kama hela bado ipo kwenye ile namba, kuna uwezekano ikazuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni shughuli nyingine kabisa. Kama ile namba ilimtumia meseji ya kawaida ya kuomba hela, aisambaze kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili ya utapeli, afuate maelekezo atakayojibiwa. Ila mjue, 15040 inahusu namba ya simu. Haifungi akaunti ya Instagram.

Kabla hujaripoti akaunti, piga skrinshoti: jina lake kamili, maongezi na mteja, namba ya malipo na jina lililotokea, meseji ya muamala. Akaunti ikifutwa kabla ya hapo, ushahidi wako umeondoka nayo.

Ndipo uripoti. Na hapa tunajidanganya sana na "jamani turipoti wote". Instagram wenyewe wanasema wingi wa ripoti siyo unaoamua kitu kiondolewe. Yenye uzito ni ripoti ya anayeigwa mwenyewe. Kama umeblokiwa, kwenye kurasa zao za msaada kuna fomu ya kuripoti akaunti inayojifanya wewe, na unaijaza hata bila kuiona ile akaunti kwenye simu yako. Watakuomba kitambulisho, kwa hiyo kiwe karibu, na leseni ya biashara kama unayo. Ripoti moja ya mwenye mali ina nguvu kuliko ya marafiki mia wenye hasira.

Halafu polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15. Nendeni wote wawili mkiweza, wewe unayeigwa na mteja aliyeibiwa, na skrinshoti zenu, mpate RB. Kampuni ya simu haitakutajia wewe ile laini ni ya nani na anaishi wapi. Polisi ndio wenye njia ya kuuliza. Sikuahidi kwamba hela itarudi, mara nyingi hairudi. Lakini RB inamwonyesha mteja kwamba hukuwa mmoja wao.

Na mteja aliyeibiwa mjibu vipi? Tafadhali usimwambie "ungekuwa makini". Huna deni lake, na simshauri mtu amlipe mteja hela aliyochukua mwizi, maana feki wa pili atakuja kama mteja aliyeibiwa. Lakini mpokee simu, msikilize, mwelekeze apige 100, mpe skrinshoti zako. Dada wa Kihesa alifanya hivyo baada ya kutukanwa, na ni yule mama wa Uyole aliyerudi kwenye magrupu kusema ukweli. Hakuna bango lingemsafisha vile.

Kwa ninyi mnaonunua tu: mkiwa Mbeya mzigo uko Iringa hamuwezi kwenda kuugusa. Picha ya risiti ya basi siyo mzigo. Pigeni simu ofisi ya basi kwa namba mliyoitafuta wenyewe, siyo aliyowapa yeye, muulize kama mzigo upo. Na anayeomba hela ya kuongeza ili "mzigo uachiwe" njiani, simameni hapo hapo.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya moja tu: mwombe mtu akutumie shilingi elfu moja kwenye namba yako ya biashara, utazame jina linalotokea kwake. Kama siyo lile ambalo wateja wanalijua, anzia hapo.

Sehemu ya nne nitajibu wale mlioniuliza kuhusu mikopo ya mtandaoni. Msalimieni watoto.