Kuyeyusha Pamoja Siyo Kuchanganya

Kimya kirefu, najua. Nilikuwa fildi, mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, kwenye sekondari moja ya mkoani ambayo sitaitaja. Nimerudi chuo na kitu kimoja kinanikereketa, naomba nikitoe leo kabla testi hazijaanza.

Pale shuleni klabu ya mazingira ilikuwa na mradi wa kutengeneza mabenchi kwa taka za plastiki. Wanafunzi wanakusanya, wanakatakata, wanayeyusha kwenye nusu pipa juu ya moto wa mkaa, wanakoroga kwa nondo, halafu wanakandamiza kwenye fremu ya chuma. Benchi la kwanza nililiona likitoka, zuri kweli, la kijivujivu lenye mistari. Wiki ya pili vijana watatu wa kidato cha pili wakalikalia, likakatika katikati, pwaa! Mmoja alichanika paja, akashonwa nyuzi nne zahanati.

Maneno yakaanza. Mmoja anasema moto ulikuwa mdogo, mwingine anasema plastiki za siku hizi feki. Mimi kama mwalimu wa kemia mtarajiwa niliulizwa, "Ticha, sasa imekuwaje?" Jamani, sikuwa na jibu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya notisi kichwani, kwamba kopolima ni polima iliyojengwa kwa monoma za aina mbili au zaidi. Sentensi hiyo haikumsaidia mtu yeyote siku ile.

Nikauliza walitia nini. Kilo 7 za madumu ya mafuta ya kula na kilo 3 za viti vya plastiki vilivyovunjika. Chini ya dumu kuna pembetatu yenye namba 2, hiyo ni polithini nzito, tuiite PE. Kwenye kiti kuna namba 5, polipropilini, PP. Zote mbili ni kaboni na haidrojeni tupu. Tofauti ni kwamba PP ina kitawi kidogo cha kaboni kwenye kila kaboni ya pili ya mnyororo. Tumefundishwa tangu sekondari kwamba vinavyofanana huyeyushana. Kwa kanuni hiyo PE na PP zingetakiwa kuelewana kama ndugu wa tumbo moja. Haziewani hata kidogo, na hapa ndipo ugomvi wangu na namna tunavyofundishwa unapoanzia.

Chukua shanga nyeupe na shanga nyekundu zilizo huru, zitie bakulini, tikisa. Zitachanganyika zenyewe, kwa sababu njia za kukaa zimechanganyika ni nyingi mno kuliko njia za kukaa zimetengana. Hiyo ndiyo nguvu inayochanganya spiriti na maji. Sasa tunga shanga hizo kwenye nyuzi ndefu, kila uzi shanga elfu kadhaa za rangi moja, halafu tikisa tena. Shanga haina uhuru wake, inafuata uzi. Faida ile ya kuchanganyika inapungua mpaka inakaribia sifuri. Kinachobaki kuamua ni kama shanga nyeupe na nyekundu zinapendana, na kwa minyororo mirefu hata kutopendana kudogo sana kunatosha kuzitenga. Ndiyo maana polima nyingi ukizikutanisha hazichanganyiki, hata kama kwa macho zimeyeyuka na kuwa uji mmoja.

Kwenye lile pipa basi hakukuwa na mchanganyiko. Kulikuwa na matone ya PP ndani ya PE, kama mafuta kwenye mchuzi. Ulipopoa, kila mmoja ukaganda kivyake na kutengeneza fuwele zake. Mpakani mwa tone na mazingira yake minyororo haikupenyana vya kutosha kushikana. Ukiweka mzigo, ufa unaanzia hapo na kukimbia kutoka mpaka hadi mpaka bila kizuizi.

Sikutaka kusema tu, nikajaribu. Kwa msaada wa fundi maabara, mzee mmoja mwenye subira ya ajabu, tulitengeneza vipande vitatu vyembamba vya ukubwa sawa: cha dumu tupu, cha kiti tupu na cha mchanganyiko wa 7 kwa 3. Cha dumu kilikunjwa mpaka ncha zikagusana. Cha kiti kilikunjwa mara kadhaa, kikaweupe kwenye kunjo, ndipo kikakatika. Cha mchanganyiko kilikatika kunjo la kwanza, tap! Mzee akaniambia, "Kijana wangu, ingekuwa plastiki ya kiti imechoka kwa jua peke yake, hiki kipande cha kiti tupu ndicho kingekuwa cha kwanza kuvunjika." Maneno mazito hayo. Mtoto alikuwa dhaifu kuliko wazazi wote wawili, na hiyo ndiyo alama ya polima zisizochanganyika. Alama ya pili ilikuwa kwenye mkato wenyewe. Kwa lenzi ya mkononi tuliona vijishimo laini na vijidonge laini vilivyochomoka, na sehemu nyingine ulikuwa unaweza kubandua matabaka kwa ukucha.

Tusichanganye nguvu na ustahimilivu hapa. Kioo cha dirisha ni kigumu kuliko kandambili, lakini kidondoshe. Ustahimilivu ni kiasi cha nishati ambacho kitu kinameza kwa kunyooka na kujikunja kabla ya kukatika. Benchi letu lilikuwa gumu kulikalia, ila halikuwa na uwezo wa kumeza chochote.

Sasa dawa yake ndiyo kopolima, na hapa ile sentensi ya notisi inaficha jambo kubwa kuliko yote, yaani mpangilio. Ukichukua vijenzi vya PE na vya PP ukavichanganya ovyo kwenye mnyororo mmoja, E P P E P E E, unapata kitu laini kama mpira, kwa sababu hakuna kipande kirefu cha aina moja kinachoweza kuganda. Ukivipanga kwa mabloku marefu, EEEEEE halafu PPPPPP, unapata mnyororo wenye uraia wa nchi mbili. Bloku la E linaingia upande wa PE na kuganda nao, bloku la P linaingia upande wa PP. Mnyororo unakaa mpakani kama uzi wa fundi cherehani.

Hili si nadharia. Mwaka 2017 kundi la Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell na Frank Bates wa Minnesota, Marekani, lilichapisha kwenye jarida la Science majaribio ya PE na PP kwa uwiano wa 70 kwa 30, yaani uleule wa benchi letu. Bila kiungo, mchanganyiko ulikuwa mkavu na kuvunjika mapema. Walipotia asilimia 1 tu ya kopolima yenye mabloku manne, PE-PP-PE-PP, ukawa unanyooka sana kabla ya kukatika. Kwa kilo zetu 10 hiyo ni gramu 100. Gramu mia!

Kwa nini manne na siyo mawili? Mnyororo wa mabloku mawili unashika kila upande kwa mkia mmoja, na mkia ukiwa mfupi unachomoka kama uzi usiofungwa fundo. Kwa mabloku manne, yale mawili ya katikati yanavuka mpaka na kurudi, yanafanya vitanzi vinavyosokotana na minyororo ya kila upande. Ni tofauti ya kupitisha sindano mara moja na kushona kweli. Uzi huo unafanya kazi mbili: unazuia matone yasiungane na kuwa makubwa wakati wa kukoroga, na unashika mpaka ili ufa ukifika pale ulazimike kuvuta na kunyoosha plastiki yenyewe. Kunyoosha huko ndiko kunakomeza nishati.

Mtu atasema basi tununue hiyo kopolima. Wapi? Ilitengenezwa kwa kichocheo chenye metali ya hafniamu, na kwa njia ambayo kila molekuli ya kichocheo inazaa mnyororo mmoja tu. Kwa shule yenye pipa na mkaa, hiyo ni hadithi ya mbali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenzangu wa klabu za mazingira hapa chuo watanuna. Tuache kusifia miradi ya kuyeyusha kila plastiki kwa pamoja, hasa kwa vitu vya kukalia watoto. Kama huna kiungo, tenga. PE peke yake, PP peke yake. Benchi la madumu matupu lisingekatika namna ile.

Na kutenga kunawezekana. Maji peke yake hayatoshi, maana PE na PP zote zinaelea. Yatakuondolea chupa za maji ya kunywa, hizo zinazama. Kutenga hizi mbili, changanya ethanoli na maji nusu kwa nusu kwa ujazo. Uzito wake ni kama gramu 0.93 kwa sentimita moja ya ujazo. PP safi ina kama 0.90 hadi 0.91, itaelea. PE ya madumu ina 0.94 kwenda juu, itazama. Tikisa vipande vizuri viputo vya hewa vitoke, la sivyo vitakudanganya. Tahadhari moja: viti vingi hutiwa unga wa chokaa ili kupunguza gharama, na PP ya namna hiyo inazama pia. Hivyo anza kwa kusoma namba kwenye pembetatu, kimiminika kiwe cha kuhakikisha vipande visivyo na namba. Na ethanoli iwe mbali na ule mkaa, tafadhali.

Hili lingeweza kuwa somo la vipindi viwili: vipande vitatu, kunja, hesabu, tazama mkato kwa lenzi, halafu mwanafunzi mwenyewe aulize kwa nini mtoto ni dhaifu kuliko wazazi. Hapo neno kopolima lina kazi ya kufanya. Mimi nimepita sekondari na miaka miwili ya chuo nikilikariri, nikaja kulielewa baada ya kijana kushonwa nyuzi nne.

Yule kijana anaendelea vizuri. Nilipomuaga aliniuliza kama benchi jipya litakuwa la madumu tu. Nikamwambia ndiyo. Akasema atalikalia wa mwisho.

Haya wadau, wa kupinga apinge, ila aje na vipande vyake vitatu.