KARATASI YA VIPANDE: PESA ZAKO NI NGAPI HASA?



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa Likoni alifika ofisini na karatasi mkononi, uso umekunjuka kwa furaha. Mwaka mmoja nyuma alichukua Sh. 50,000 katika malipo yake ya kuacha kazi akazitia katika mfuko wa vipande. Sasa ameletewa hesabu ya mwaka, na kwa kuisoma mwenyewe ameona zimekuwa Sh. 55,976. Tuliketi naye mezani tukaisoma karatasi ile mstari kwa mstari, tukakuta Sh. 51,900. Hakuibiwa na mtu. Hesabu ya wenye mfuko ilikuwa sawa, ila usomaji ndio uliopotoka, na kwa kuwa wanachama wengine wa Kisauni na Changamwe nao wametia pesa zao huko, twaona yafaa kueleza jambo hili waziwazi.

Mfuko wa namna hii ni chungu kimoja cha watu wengi. Meneja hununua kwa pesa hizo hisa za makampuni katika soko la Nairobi na hati za mkopo wa Serikali. Mali yenyewe hutunzwa na benki, na yuko mdhamini wa kumwangalia meneja. Kila siku ya kazi mali yote hukadiriwa, madeni na ada hutolewa, kisha kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya vipande vyote. Hapo ndipo bei ya kipande inapotoka. (Neno hili "vipande" wenzetu wa Tanzania walilizoea sana tangu Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa huko mwaka 2005, nasi twaliona ni neno zuri.)

Basi tuitazame karatasi ya ndugu yetu. Siku aliyotia pesa, bei zilikuwa mbili: Sh. 12.50 na Sh. 12.00. Bei kubwa ndiyo unayonunulia wewe, na bei ndogo ndiyo unayolipwa ukirudisha kipande chako. Kwa Sh. 50,000 alipata vipande 4,000 kwa bei kubwa. Lau angegeuka mlangoni saa ile ile akavirudisha, angelipwa Sh. 48,000. Zile Sh. 2,000 ni ada ya kuingia, nazo hazikuandikwa mahali popote katika karatasi kuwa ni ada. Zimefichama katika tofauti ya bei mbili. Mifuko mingine haina ada hii, mingine inayo, na njia ya kuijua ni kuuliza bei zote mbili za siku moja.

Mwisho wa mwaka mfuko ulitoa gawio la senti 50 kwa kila kipande, maana yake Sh. 2,000 kwa vipande 4,000. Gawio hili lilitokana na hisa, na kodi ya gawio kwa mkaaji wa Kenya ni asilimia 5, hivyo zikakatwa Sh. 100. Sh. 1,900 zilizobaki hakupewa mkononi. Zilinunuliwa vipande vingine, kama alivyotia saini katika fomu yake, kwa bei ya Sh. 12.50 bila ada ya kuingia, akapata vipande 152. Jumla ikawa vipande 4,152.

Hapa pana jambo linalowashtua wengi. Kabla ya gawio bei ndogo ilikuwa Sh. 13.00, baada ya gawio ikawa Sh. 12.50. Mtu akiona hivyo hudhani mfuko umepata hasara. Siyo. Zile senti 50 zimetoka katika chungu zikaja kwako, na chungu kimepungua kiasi hicho hicho. Gawio si zawadi iliyoongezwa juu ya bei, bali limetolewa ndani ya bei.

Sasa makosa ya ndugu yetu yataonekana. Kosa la kwanza, alizidisha vipande 4,152 kwa bei kubwa ya siku hiyo, Sh. 13.00, akapata Sh. 53,976. Bei hiyo ni ya anayeingia, hakuna atakayemlipa yeye kwa bei hiyo. Kosa la pili, aliongeza tena Sh. 2,000 za gawio, naye gawio lake limekwisha kuwa vipande 152 vilivyomo ndani ya hesabu. Akalihesabu mara mbili, tena pamoja na kodi iliyokwisha kwenda Serikalini. Hesabu ya haki ni moja tu: vipande vyote, mara bei ndogo ya siku ile. 4,152 mara Sh. 12.50 ni Sh. 51,900.

Faida yake basi ni Sh. 1,900 juu ya Sh. 50,000, yaani karibu asilimia 4 kwa mwaka. Lakini barua ya wenye mfuko ilijisifu kuwa mfuko umekua kwa asilimia 8. Je, wamesema uongo? Hapana. Wao huhesabu toka bei ndogo hadi bei ndogo: Sh. 12.00 zimekuwa Sh. 12.50, na senti 50 za gawio juu yake. Ni kweli kwa mfuko. Kwa mfuko wa suruali wa ndugu yetu si kweli, maana yeye aliingia kwa Sh. 12.50. Benki Kuu ya Kenya imewekewa lengo la kupanda kwa bei za vitu la asilimia 5, kwa nafasi ya mbili na nusu juu au chini. Mwaka ambao vitu vimepanda kwa hiyo 5, Sh. 51,900 zake zanunua kidogo kuliko zilivyonunua Sh. 50,000 alipoanza.

Iko ada nyingine, ya kila mwaka, ya meneja. Mfuko huu hutoza asilimia 2 na nusu. Usiitafute katika karatasi yako, haimo. Hukatwa kidogo kidogo kila siku katika chungu kabla bei haijatangazwa, kwa hivyo usiitoe tena katika hesabu yako. Lakini ijue, kwani kwa pesa za ndugu yetu ni kama Sh. 1,250 kwa mwaka, nayo hukatwa mfuko ukipanda na ukishuka. Imeandikwa katika kitabu cha maelezo ya mfuko, ambacho una haki ya kukiomba.

Walio katika mifuko ya soko la fedha, ambayo wengi huweka kwa simu, karatasi yao ni nyepesi zaidi. Kwa kawaida bei ya kipande haisogei, na riba huongezwa siku kwa siku. Wao waangalie kodi: riba hukatwa asilimia 15. Ukitangaziwa asilimia 10, na mara nyingi hutangazwa kabla ya kodi, wewe wapata 8 na nusu.

Tena kila mmoja ahifadhi ujumbe wa simu wa kila alichotuma. Gawanya kiasi hicho kwa bei ya siku kilipopokelewa, uone kama vipande vilivyoandikwa ni sawa. Pesa zilizotumwa Ijumaa jioni huenda zikapata bei ya Jumatatu, hilo si kosa. Zikikawia wiki nzima bila kuandikwa, peleka barua kwa meneja na nakala kwa mdhamini, na usipojibiwa, kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi.

Ndugu yetu alituuliza kama atoe pesa zake zote kesho. Tulimwambia zile Sh. 2,000 za kuingia zimekwisha kwenda na hazitakatwa tena mwakani; akitoka leo akaingia mfuko mwingine wenye bei mbili, atalipa upya. Ameziacha. Lakini ile asilimia 2 na nusu imemkaa rohoni, na ameandika barua kuuliza mifuko mingine mitatu wao hutoza ngapi.