Ondoa Mafuta Kando ya Jiko

Baridi ya Lavington inawadanganya watu. Mtaa huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Julai sweta haivuliki. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikavu hakiharibiki kabatini. Hewa ya nje ni baridi, ni kweli, lakini njugu na mafuta hatuyaweki nje. Tunayaweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko la gesi, au juu ya friji, au dirishani katika mitungi ya kioo ili jikoni papendeze. Tunasema wazi: hapo ndipo yanapochacha, na pesa nyingi hupotea bila mtu kuona ukungu wala mdudu.

Mafuta, yawe ndani ya chupa au ndani ya korosho, huharibiwa zaidi na oksijeni ya hewani. Ikiyashika huzaa peroksidi, ambazo hazina harufu. Peroksidi nazo hukatika vipande vidogo vyepesi, na hivyo ndivyo vinavyonuka. Mwanzoni kazi hiyo huenda polepole kwa sababu mafuta yana kinga yake, ikiwemo vitamini E. Kinga ikiisha, mwendo unashika kasi ghafla. Ndiyo sababu chupa iliyokuwa nzuri mwezi uliopita inakushangaza leo. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, mwendo huo huongezeka karibu maradufu. Mwanga nao huuchochea. Rafu ya juu ya jiko ina joto, na mtungi wa dirishani una mwanga na mara nyingi joto pia.

Mafuta hayafanani. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingi za mafuta zinazoshikwa na oksijeni upesi. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ambayo ndiyo mengi katika maduka yetu, huvumilia zaidi. Makadamia ya Murang'a na Kirinyaga huvumilia kuliko wolnati, lakini uzito wake zaidi ya theluthi mbili ni mafuta matupu, kwa hivyo yakianza kuharibika hakuna sehemu ya kuokoa. Mbegu za kitani ndizo dhaifu kuliko zote. Zikiwa nzima, ganda huzilinda. Zikishasagwa, unga wake huharibika upesi zaidi nje ya friji. Kanuni hiyo inahusu pia njugu karanga: zilizo ndani ya maganda hudumu, zilizomenywa hudumu kidogo, na zilizokaangwa au kusagwa ndizo za kwanza kuchacha.

Pua ndiyo chombo cha kutegemea, ila itumie kabla ya kuanza kupika, si baada ya kitunguu kuingia kwenye sufuria. Tia kijiko cha mafuta katika glasi ndogo, ifunike kwa kisahani, isimamishe ndani ya maji ya moto kwa dakika chache, kisha funua na unuse papo hapo. Mafuta mazuri ya alizeti karibu hayanuki kabisa. Yaliyochacha hunuka rangi ya mafuta ya kupakia milango, kalamu za nta za watoto, au boksi la karatasi lililokaa mahali penye unyevu. Nazi ina njia yake. Mafuta yake hayashikwi na oksijeni upesi, lakini maji au ukungu ukiingia hukatika kwa namna nyingine na kutoa ladha ya sabuni. Ukisikia sabuni, usimlaumu aliyeosha sufuria.

Kwa njugu, kunusa mfuko hakutoshi. Chukua chache kutoka chini, zipasue katikati, tafuna moja polepole. Nzuri huanza kwa utamu. Iliyochacha huacha uchungu unaokwaruza koo hata baada ya kuitema. Kuikaanga upya, kuitia chumvi au pilipili, kunaficha tu. Punje moja haitakulaza hospitali, lakini vitamini imekwisha na ladha itaharibu mchuzi mzima. Tupa.

Sasa tuje kwenye dumu la lita 20, ambalo watu hununua kwa sababu lita moja inatoka kwa bei nafuu. Nyumba inayotumia nusu lita kwa wiki italimaliza kwa wiki 40. Muda wote huo dumu linafunguliwa na kufungwa, na kila mafuta yanapopungua hewa ndani yake inaongezeka. Tarehe iliyochapishwa kwenye dumu inahusu dumu ambalo halijafunguliwa. Ushauri wetu ni kugawana na majirani wawili. Kila nyumba ikipata chini kidogo ya lita saba, itamaliza kwa wiki 13 hivi. Siku hiyohiyo mimina katika chupa za lita moja zilizooshwa na kukauka kabisa, jaza hadi shingoni, kaza kifuniko, ziweke kwenye kabati la chini, gizani, mbali na jiko. Toa moja moja.

Na chupa hiyo ya jikoni isijazwe juu ya mabaki. Hili ndilo kosa tunaloliona katika nyumba nyingi, hata zile zenye mafuta ya zeituni ya bei ya kutisha. Mabaki ya zamani yana peroksidi tayari, nayo huanzisha uharibifu katika mafuta mapya. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze.

Njugu na mbegu mahali pake ni friji, na bora zaidi friza, katika chombo kisichopitisha hewa. Friza huziweka salama kwa miezi mingi, hadi mwaka, bila kuganda kama nyama kwa kuwa zina maji kidogo sana. Ukizitoa, usifunue chombo mara moja. Kiache mezani kipate joto la chumba, la sivyo umande utaingia kwenye njugu na unyevu huo utaleta shida nyingine.

Shida hiyo ni ukungu, na hapa pua haina mamlaka. Sumu ya aflatoksini haina harufu wala ladha ya kuitambulisha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Njugu karanga nazo hushikwa na ukungu huohuo. Kwa hivyo njugu isiyonuka si lazima iwe salama, na friza haiondoi sumu iliyokwisha kuingia shambani au ghalani. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe hata kama ni tamu.

Yamebaki maduka. Kwenye barabara ya James Gichuru na kwingineko, korosho na mbegu zinazopimwa kwa gramu zikikaa katika makontena angavu chini ya taa kali, mnunuzi hana namna ya kujua zilikaangwa lini, na mara nyingi shehena mpya humwagwa juu ya ya zamani. Tunawataka wenye maduka wamalize kontena kabla ya kulijaza, waliondoe kwenye mwanga, na waandike tarehe ya kukaangwa. Mnunuzi naye aombe punje moja aionje kabla ya kupimiwa.