Kupeana Mikono Hakumalizi Uonevu

"Haya, peaneni mikono, yaishe." Mwalimu gani wa nidhamu hajawahi kusema hivyo? Mimi nimesema mara nyingi, nikarudi kusahihisha madaftari nikiamini nimesuluhisha. Kumbe nilikuwa nimemrudisha mtoto kwa mtesi wake, tena mbele ya mashahidi.

Waliogombania mpira wana nguvu sawa. Mkono unaweza kuwatosha. Uonevu ni jambo jingine. Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa kuumiza, unajirudia, na mmoja anamzidi mwenzake nguvu. Nguvu hiyo haivuliwi mlangoni kama viatu. Njuka akiulizwa ofisini kama amemsamehe kaka anayemwonea, atajibu ndiyo, maana usiku wanalala bweni moja.

Mazungumzo ya kurekebisha madhara, ambayo shule za Queensland, Australia, zilianza kuyajaribu mwaka 1994, nayo huwakutanisha wahusika. Lakini huwakutanisha mwishoni.

Nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyemfulisha njuka sare zake na kumfungulia tranka kuchukua sukari, karibu muhula mzima. Nilianza na njuka, peke yake. Siku ya kwanza alisema hakuna kitu. Siku ya pili akasema kinachomuuma si sukari, ni wale wanaocheka akifua. Kisha nikamwita mkubwa: nini kilitokea, ulikuwa unawaza nini, nani ameumia? Sikumwuliza "kwa nini", kwa sababu swali hilo huzaa visingizio tu. Alikiri. Angekana, nisingeitisha kikao. Mtoto haitwi kuja kuitwa mwongo.

Kikao kilikuwa siku ya saba. Njuka alichagua kiti cha karibu na mlango, akaja na rafiki yake, akazungumza kwanza. Hakuna aliyemwomba asamehe. Mkubwa aliahidi "kubadilika", nikamkatalia, kwa kuwa ahadi hiyo haikaguliki. Tukaandika: hatagusa tranka, atarudisha kilo mbili za sukari kabla ya likizo, na atawaambia wachekaji mwenyewe kwamba mchezo umekwisha.

Wenzangu husema viboko ni haraka zaidi. Kweli, vinne vinavyoruhusiwa na kanuni havimalizi hata dakika moja. Ila mkubwa hutoka pale na swali moja tu kichwani: nani kanisema? Wala sisemi kila kosa liletwe kwenye kikao. Ukatili wa kingono ni wa polisi, na mwalimu anayeuitia mazungumzo anauficha.

Baada ya wiki tatu nilimwita njuka tena. Akaniambia bado hampendi yule kaka. Nikaliandika hilo kwenye daftari kama alivyolisema, kisha nikapita nyuma ya bweni. Kwenye kamba, upande wake, kulikuwa na shati moja. Lake.