Deni la Kadi

Mfanyakazi wa Mpanda mwenye kadi ya mkopo huambiwa alipe kila mwezi walau kiwango cha chini. Haya, na tuhesabu. Tuseme deni ni shilingi 1,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni asilimia 5 ya deni na riba yake, kisipungue shilingi 20,000. Mwezi wa kwanza atatoa 51,500. Riba itameza 30,000. Deni likipungua, malipo nayo hupungua, na hapo ndipo mtego ulipo: atamaliza baada ya miezi 74, riba ikifika 1,056,000 hivi, kupita deni lenyewe! Akishikilia zile 51,500 kila mwezi, wala asinunue tena kwa kadi, atamaliza kwa miezi 30, kwa riba ya 522,000 tu.